Majina mawili ya ukoo ya Kihispania: maswali tunayoulizwa kuhusu fomu na barua

Ofisi yetu iko Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwakatia tiketi, kuwajazia fomu na kuwaandikia barua wageni wanaotoka Hispania, Meksiko, Kolombia na nchi nyingine zinazosema Kihispania. Kila kijana anayeanza kazi hapa huniuliza mambo yaleyale wiki ya kwanza, na wenzangu wa hoteli hunipigia simu kuuliza hayohayo. Nimeyaandika hapa nilivyozoea kuyajibu. Jina nitakalolirudia, María Elena Gómez Ortega, ni la mfano, na jamaa zake watakaotokea chini ni wa mfano pia. Wengine wote ni watu wanaojulikana.

Kwa nini mtu mmoja ana majina mawili ya ukoo?

Kwa sababu baba anatoa moja na mama anatoa moja. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ambalo linaweza kuwa neno moja au mawili. Baada yake linafuata jina la ukoo la baba, na mwisho jina la ukoo la mama. Kwa hiyo María Elena ni jina alilopewa alipozaliwa, Gómez limetoka kwa baba yake, na Ortega limetoka kwa mama yake.

Wapenzi wa mpira wanao mfano tayari. Messi kwa kirefu ni Lionel Andrés Messi Cuccittini. Baba yake ni Jorge Messi na mama yake ni Celia Cuccittini. Hakuna anayemwita Cuccittini, ingawa ndilo neno la mwisho katika jina lake. Ukishika hilo moja, umeshashika zaidi ya nusu ya mambo yote yaliyo hapa chini.

Baba na mama nao wana majina mawili kila mmoja, lakini kila mmoja humpa mtoto lile la kwanza tu. Kwa kawaida, basi, linaloendelea kizazi hadi kizazi ni la upande wa baba, na la mama hubadilika kila kizazi. Nasema kwa kawaida kwa sababu siku hizi wazazi wa Hispania wanaweza kuamua la mama litangulie. Sheria iliwaruhusu mwaka 1999, na tangu katikati ya 2017 jina la baba halitangulii tena lenyewe: wazazi wanaandika wenyewe mpangilio wanaoutaka, na ndugu wote wa baba na mama mmoja hufuata mpangilio huohuo. Kwako wewe unayejaza fomu hilo halibadilishi chochote. Huna haja ya kujua lipi ni la nani. Unachohitaji kujua ni lipi linatangulia.

Gómez si jina la kati?

Si jina la kati, na hapa ndipo tunapoteleza karibu sote.

Tunateleza kwa sababu ya malezi yetu. Kwetu jina kamili ni matatu: lako, la baba, la babu au la ukoo. Shuleni tumejaza jina la kwanza, la kati na la mwisho mpaka mkono umezoea. Ukiliona jina la maneno matatu kama Javier Ruiz Salas, mkono unakwenda wenyewe: Javier la kwanza, Ruiz la kati, Salas la mwisho. Kisha unamwandikia "Mpendwa Bw. Salas". Umemwita kwa ukoo wa mama yake na kulitupa lile analoitwa tangu shuleni. Kwao hilo si jina fupi lake. Ni jina la mtu mwingine.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini nilipolipata somo hili. Mgeni alikuwa na jina la muundo kama wa María Elena wetu, na safari yake ilikuwa ya kutoka Arusha kwenda Zanzibar. Nililiweka jina la kwanza la ukoo kwenye kisanduku cha jina la kati. Tiketi ikatoka hivi:

```
ORTEGA/MARIAELENAGOMEZ MRS
```

Uwanjani mgeni alijitaja kwa jina lake la kila siku, Gómez. Binti wa kaunta akatafuta kwenye G, hakuna kitu. Akatafuta kwa nambari ya uhifadhi, akaona Ortega, akafungua pasipoti akaona Gómez Ortega, akaita msimamizi. Ndege ndogo haimsubiri mtu. Alipanda dakika za mwisho, jasho linamtoka, na jioni hoteli nayo ikamwambia haina chumba kwa jina hilo, kwa sababu niliwatumia orodha ileile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya popote katika mnyororo ule. Kosa lilikuwa la kisanduku kimoja, na lilikuwa langu.

Tiketi sahihi ingesoma hivi:

```
GOMEZORTEGA/MARIAELENA MRS
```

Usishtuke ukiona maneno yameshikana. Mifumo mingi ya tiketi huondoa nafasi. Mgeni akiuliza, mweleze kwamba kuunganishwa si kosa la jina. Kosa ni herufi kupungua, au neno kuvuka ule mkwaju, yaani alama ya /, na kuingia upande usio wake.

Jina lina maneno manne au matano. Nitajuaje la kupewa linaishia wapi?

Usikisie. Omba picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura, kisha nenda chini kabisa, kwenye ile mistari miwili yenye vishale. Mstari wa kwanza una herufi na alama 44, nao umepangwa kwa namna moja dunia nzima:

```
P<ESPGOMEZ<ORTEGA<<MARIA<ELENA<<<<<<<<<<<<<<
```

Soma pamoja nami. P ni pasipoti. ESP ni Hispania. Baada ya hapo linaanza jina la ukoo, na kishale kimoja ni nafasi tu kati ya neno na neno. Ukifika kwenye vishale viwili vilivyofuatana, jina la ukoo limekwisha na jina la kupewa linaanza. Vilivyobaki mwishoni ni vya kujaza mstari. Kwa hiyo kila kilicho kabla ya vishale viwili kinaingia kwenye kisanduku cha ukoo, na kila kilicho baada yake kinaingia kwenye kisanduku cha jina la kupewa. Kwa njia hii hata asiyejua Kihispania hata neno moja hakosei.

Juu yake, kwenye maandishi ya kawaida, pasipoti ya Kihispania ina neno Apellidos, yaani majina ya ukoo, na Nombre, yaani jina la kupewa. Mgeni akikutumia jina kwa barua pepe bila pasipoti, mwombe aliandike katika mafungu hayo mawili. Huulizwa hivyo kila mahali, hatashangaa.

Kuna jambo moja ambalo mstari huo haukuambii: mahali jina la kwanza la ukoo linapoishia na la pili linapoanzia. Kuna koo ambazo jina lao la kwanza peke yake lina maneno mawili au matatu. Wazee wa hapa wanamkumbuka Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1982 hadi 1991, baada ya kinyang'anyiro cha 1981 ambacho Salim Ahmed Salim wetu alizuiwa kwa kura za turufu za Marekani. "Pérez de Cuéllar" lote lilikuwa jina lake la kwanza la ukoo. La mama, de la Guerra, lilikuja baada yake. Anayekata kwa kuhesabu maneno angemwita Bw. Pérez, na angekosea. Ndiyo maana mimi sikati. Naandika jina la ukoo lote kama lilivyo.

Fomu ina visanduku vitatu: "First name", "Middle name", "Last name". Nijaze vipi?

Kisanduku cha kwanza andika María Elena, yote mawili. Cha mwisho andika Gómez Ortega, yote mawili, kwa nafasi katikati. Cha kati kiache wazi.

Fomu ikigoma kupokea cha kati kikiwa wazi, sogeza Elena, usiiguse Gómez. Yaani María kwanza, Elena katikati, Gómez Ortega mwisho. Jina la kupewa likigawanyika, mtu bado anapatikana. La ukoo likigawanyika, anapotea. Usijaze kistari wala herufi X ili kuiridhisha fomu, maana herufi hiyo huja kuchapwa kwenye tiketi au kibali kama sehemu ya jina.

Na kama mtu ana jina moja tu la ukoo kwenye pasipoti, kama ilivyo kwa Waajentina wengi, basi andika hilo moja. Usimtafutie la pili.

Mfumo unakataa alama juu ya herufi, na Ñ hauijui kabisa.

Alama ya mkazo, kama ile iliyo juu ya o katika Gómez, iondoe bila wasiwasi kwenye tiketi na fomu za viza. Hata mstari wa mashine wa pasipoti hauna alama hizo. Ñ huwa N, kwa hiyo Muñoz huwa MUNOZ. Kanuni za kimataifa za pasipoti zinaruhusu pia iandikwe NXX, na siku ukikutana na MUNXXOZ kwenye mstari wa mashine usidhani ni hitilafu ya uchapaji. Ni Muñoz yuleyule. Usiiandike NY wala NI kwa kuwa inasikika hivyo. Tunajua sisi sauti ya "nyanya" ilivyo, lakini kwenye fomu hatuandiki sauti, tunaandika kilicho kwenye pasipoti.

Katika barua ni kinyume. Kompyuta yako inazo herufi hizo, kwa hiyo ziandike zote. Kumwandikia mtu "Munoz" kwenye barua rasmi ni sawa na kumwandikia Ng'wandu bila king'ong'o chake. Anaelewa, lakini anaona hukujishughulisha.

Kistari nacho kinaulizwa sana. Watafiti na wanasayansi wengi wa Kihispania huandika Gómez-Ortega kwenye makala zao ili wahariri wa nje wasiikate Gómez. Kama pasipoti haina kistari, fomu haiwi nacho. Kwenye barua, mwandikie kama anavyojiandika mwenyewe.

Jina ni refu kuliko kisanduku. Nikate wapi?

Kata kutoka mwisho wa jina la kupewa. La ukoo libaki zima, na neno la kwanza la jina la kupewa libaki zima. María Elena anaweza kuwa MARIA E, au MARIA peke yake. Ikiwa hata hivyo jina la ukoo halitoshi, punguza herufi za mwisho za jina la pili la ukoo, kisha wapigie simu shirika husika waandike jina kamili kwenye maelezo ya nafasi hiyo. Kila mara ninapokata, mgeni anajua kabla hajafika uwanjani.

Mume, mke na mtoto, kila mmoja ana jina lake la ukoo. Je, ni familia kweli?

Ni familia, na majina yao yanakuonyesha hivyo ukiyasoma vizuri. Tuseme María Elena Gómez Ortega ameolewa na Javier Ruiz Salas, na binti yao ni Lucía. Mke habadilishi jina anapoolewa Hispania. Mtoto anachukua la kwanza la baba na la kwanza la mama, kwa hiyo anaitwa Lucía Ruiz Gómez. Watu watatu, majozi matatu tofauti: Ruiz Salas, Gómez Ortega, Ruiz Gómez.

Nimewahi kuona mapokezi wanawagawia vyumba watu wa namna hii mbalimbali, mtoto ghorofa ya chini na wazazi ya juu, kwa sababu orodha haikuwa na jina linalolingana. Sasa nikituma orodha hotelini naandika pembeni: mume, mke, mtoto wao. Maneno hayo machache yanatosha. Na ukitaka kuhakikisha mwenyewe, jina la kwanza la ukoo la kila mzazi ulitafute ndani ya jina la mtoto. Yote mawili yatakuwemo.

Ukiwaandikia wote pamoja, wao wenyewe huandika "Familia Ruiz Gómez" juu ya bahasha, yaani jina la watoto. Usiandike "Bw. na Bi. Ruiz". Bi. Ruiz hayupo katika nyumba hiyo, labda akiwa dada wa mume.

Amerika ya Kusini utakutana na wanawake wengine, hasa wa umri mkubwa, walioongeza jina la mume kwa neno "de": María Elena Gómez de Ruiz. Hapo Ruiz ni la mume, na Gómez bado ni lake. Ukiona "viuda de" au kifupi chake "vda. de", ujue mume amefariki. Kwenye barua fuata alivyojitia sahihi.

Barua naianzaje?

Kanuni ninayoifuata ni hii: jina la ukoo lote, au la kwanza peke yake, kamwe la pili peke yake. "Mpendwa Bi. Gómez Ortega" ni sahihi na ni ya heshima kamili. "Mpendwa Bi. Gómez" ni sahihi pia, na ndivyo atakavyoitwa ofisini kwao. "Mpendwa Bi. Ortega" ni kosa.

Kati ya hizo mbili za kwanza, barua ya kwanza kwa mtu nisiyemjua naandika majina yote mawili. Sababu ya kwanza ni ile ya Pérez de Cuéllar: sijui jina la kwanza linaishia wapi. Sababu ya pili ni kwamba majina kama García, Gómez na Rodríguez yamejaa kwao kama Juma na Maria kwetu, na jina la pili ndilo linalomtofautisha. Akijibu, natazama sahihi yake. Akitia "María Elena Gómez", barua inayofuata inakwenda kwa Bi. Gómez. Akitia yote, naendelea na yote.

Ukiandika kwa Kihispania, mwanzo wa kawaida ni "Estimada señora Gómez Ortega:" kwa mwanamke, na "Estimado señor Ruiz Salas:" kwa mwanamume. Angalia mambo mawili hapo. Estimada na estimado hufuata jinsia, na baada ya jina inawekwa nukta mbili, si mkato kama tulivyozoea. Neno señora likiandikwa lote huanza kwa herufi ndogo. Likifupishwa kuwa Sra. huanza kwa herufi kubwa. Kwa barua ya serikali au ya kampuni, juu ya bahasha naandika jina lote tangu mwanzo:

```
Sra. D.ª María Elena Gómez Ortega
```

Hiyo D.ª ni doña, na ya mwanamume ni D. peke yake, yaani don. Maneno haya mawili yana tabia ambayo Mswahili anaielewa haraka: hukaa na jina la kupewa, si na la ukoo. Ni Don Javier na Doña María Elena, kama sisi tunavyosema Bi. Asha au Mzee Rashidi. Señora ndiyo hukaa na ukoo. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kumheshimu mtu kwa cheo pamoja na jina lake la kwanza haina aibu kwao, ila neno lake ni doña. Ukiandika "Bi. María Elena" katika barua ya Kiswahili, yuko sawa. Ukiandika "Doña Gómez", hapana.

Meksiko na nchi za jirani wanapenda pia kutanguliza taaluma: Lic. kwa mwenye shahada, Ing. kwa mhandisi, Dr. au Dra. kwa daktari. Mtu akiitia kwenye sahihi yake, mrudishie. Wahandisi wetu tunawaita Injinia, wanajua wanavyojisikia.

Nitajuaje ni Bwana au Bibi?

Neno la kwanza la jina ndilo linaloamua. José María ni mwanamume, kama José María Aznar aliyekuwa waziri mkuu wa Hispania. María José ni mwanamke. Wengi wanaona María ndani ya jina wanaandika Bi. moja kwa moja, na mzee wa watu anapokewa uwanjani na kibao cha mwanamke.

Herufi ya mwisho nayo inadanganya. Rosario, Consuelo, Amparo na Rocío ni majina ya wanawake ingawa yanaishia na o. Na ukiona M.ª mwanzoni mwa jina, hiyo si herufi ya mkato ya jina usilolijua. Ni María limefupishwa.

Mbona watu maarufu wanaitwa kwa jina la pili?

Swali zuri, na ndilo linalowachanganya waliosoma kidogo. Waziri mkuu wa zamani José Luis Rodríguez Zapatero huitwa Zapatero kwenye magazeti. Mshairi Federico García Lorca huitwa Lorca. Sababu ni ileile ya wingi: Rodríguez na García ni wengi mno, jina la pili ni adimu, basi watu wakalishika. Lakini ni la midomoni na vichwa vya habari. Katika orodha ya herufi García Lorca yuko kwenye G, na barua rasmi ingemwita señor Rodríguez Zapatero. Wapo wasiokubali hata hivyo: Gabriel García Márquez, aliyepata Nobeli mwaka 1982, wanaojua humwita García Márquez kwa ukamilifu, na Mario Vargas Llosa, wa 2010, ni Vargas Llosa au Vargas, hawi Llosa.

Mtego mwingine mzuri ni Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa neva aliyepata Nobeli mwaka 1906. Ramón linaonekana kama jina la pili la kupewa, kumbe ni la ukoo, la baba yake. Ile "y" ni "na" tu, Ramón na Cajal.

Neno "de" liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo?

Jina la kupewa likitangulia, ndogo: Juan de la Torre. Jina la kupewa lisipokuwepo, kubwa: señor De la Torre. Kwenye fomu liandike pamoja na jina lake la ukoo, usilihamishie kwa jina la kupewa. Ila María del Carmen ni jina la kupewa lote, na vishale viwili vya pasipoti vitakuonyesha hivyo.

Kanuni hii inawahusu Wareno, Wafilipino na watu wa Guinea ya Ikweta pia?

Hapana, na hapa nawaomba muwe makini, maana Msumbiji ni jirani yetu na wenzetu wengi wa Oman na Ghuba wanafanya kazi na Wafilipino kila siku.

Kwa desturi ya Kireno la mama hutangulia na la baba huja mwisho. Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro: dos Santos ni la mama, Aveiro ni la baba. Kwa hiyo mtu wa Msumbiji au Brazili, ukilazimika kufupisha, unabaki na la mwisho. Messi na Ronaldo ni kinyume hata hapo.

Wafilipino wana majina ya sura ya Kihispania lakini mpangilio wao ni wa Kimarekani. La ukoo la mama linakaa katikati, na ni jina la kati kweli, la baba liko mwisho. Rais Ferdinand Romualdez Marcos Jr. ni mtoto wa Imelda Romualdez na Ferdinand Marcos. Huyo ni Bw. Marcos.

Guinea ya Ikweta husema Kihispania, lakini majina ya Wafang, kabila kubwa la huko, yana utaratibu wao. Rais Teodoro Obiang Nguema Mbasogo amebeba Nguema la baba na Mbasogo la mama, na Obiang ni jina lake mwenyewe la Kifang. Ndiyo maana mwanawe ni Teodoro Nguema Obiang Mangue. Hapo mimi huandika jina zima kama lilivyo na simfupishi mtu mpaka aniambie.

Mimi ni Mtanzania naishi Hispania. Fomu yao inadai "segundo apellido". Nifanyeje?

Hicho ni kisanduku cha jina la pili la ukoo. Kiache wazi. Andika kwenye "nombre" yale yaliyo upande wa majina ya kupewa katika pasipoti yako, na kwenye "primer apellido" jina la ukoo la pasipoti. Usigawanye mwenyewe ili kujaza visanduku vyote, kwani karani wa Kihispania anaposoma jina la maneno matatu anateleza kama sisi, ila upande wa pili. Angempata Julius Kambarage Nyerere mezani kwake bila pasipoti, angemwita señor Kambarage na kumweka kwenye K. Ukiona unaitwa foleni kwa jina la baba yako, sasa unajua kwa nini. Mwonyeshe vile vishale viwili.

Mambo hubadilika ukiomba uraia. Hispania inataka raia wake awe na majina mawili ya ukoo, na la pili huchukuliwa kutoka kwa mama, lile la ukoo aliozaliwa. Andaa cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake hilo kabla hujafika huko.

Nimemwandikia mteja "Bi. Ortega" kwa miezi mitatu na hajasema kitu. Nikae kimya?

Hajasema kwa sababu ameshazoea kukosewa na wageni. Usikae kimya, lakini usimwandikie barua nzima ya kuomba radhi pia. Kwanza angalia tiketi, viza na hoteli, maana kama umekosea kwenye barua huenda ulikosea na huko, na hivyo vina tarehe ya mwisho. Kisha katika barua yako inayofuata anza na jina sahihi, na mwishoni ongeza mistari miwili. Yangu niliiandika hivi: "Samahani kwa kukuandikia jina lisilo lako barua zilizopita. Nimelirekebisha kuwa Gómez Ortega kwenye tiketi ya tarehe 14, na hoteli nao wamethibitisha."

Alijibu siku hiyohiyo, na akatia sahihi jina lake lote.